Barua ya Kumwalika Mgeni Rasmi

Barua ya kumwalika mgeni rasmi ni barua ya kiofisi inayomwomba kiongozi afike mahali fulani, siku na saa iliyotajwa, atende jambo mbele ya watu kwa mamlaka ya cheo chake. Hapo ndipo inapotofautiana na kadi ya mwaliko. Kadi humwita mtu aje ashuhudie, na akikosa kufika kiti chake hukaliwa na mwingine. Barua ya mgeni rasmi humpa kiongozi kazi: kukata utepe, kufunua jiwe, kusikiliza risala, kuhutubia, pengine kuongoza harambee. Asipofika wala kutuma mwakilishi, shughuli yenyewe hukwama. Ndiyo maana kichwa cha barua hizi mara nyingi husema "ombi la kuwa mgeni rasmi", na neno "ombi" hapo lina uzito wake.

Mfano utakaofuatwa hapa ni wa shule ya sekondari ya kata nchini Tanzania iliyomaliza kujenga maktaba na inataka ifunguliwe na Mkuu wa Wilaya. Shule hiyo ni ya kielelezo tu, na takwimu zake zimewekwa ili barua ionekane ilivyo, lakini njia inayopita barua ni ileile inayopitwa na barua za shule, zahanati, vyama vya ushirika na vikundi vya wakulima kila wilaya.

Kabla kalamu haijashikwa, waandaaji hukubaliana ni nani hasa anaalikwa. Serikalini vyeo vina ngazi, na ngazi ya mgeni rasmi ndiyo inayopanga nafasi za watu wengine wote siku hiyo. Mkuu wa Mkoa anatajwa katika Ibara ya 61 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano. Mkuu wa Wilaya, Katibu Tawala wa Mkoa na Katibu Tawala wa Wilaya kazi zao zimewekwa na Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997, na kwa sheria hiyo Mkuu wa Wilaya ndiye mwakilishi wa serikali katika wilaya yake. Akialikwa yeye, diwani wa kata, mwenyekiti wa halmashauri na mkurugenzi huja kama wageni waalikwa. Akialikwa Mkuu wa Mkoa, Mkuu wa Wilaya hugeuka mwenyeji anayempokea mkubwa wake, na ofisi yake inapaswa kujua mapema.

Kosa kubwa katika hatua hii ni kuandika barua mbili za mgeni rasmi kwa viongozi wawili, kwa matumaini kwamba mmoja akishindwa mwingine atakuwepo. Ofisi hizo huwasiliana. Zikigundua, zote mbili huona zimefanywa akiba. Na ikitokea wote wawili wakakubali, shule haina namna ya kumwambia mmoja wao akae pembeni bila kumvunjia heshima. Mgeni rasmi ni mmoja. Mwingine anayetakiwa awepo hupelekewa barua ya mwaliko wa kawaida, inayomtaja mgeni rasmi ni nani na inayosema kama yeye mwenyewe atapewa nafasi ya kusalimia.

Barua ikishaandikwa, haiendi moja kwa moja mezani kwa Mkuu wa Wilaya. Mkuu wa shule ya umma ni mtumishi aliye chini ya halmashauri, kwa hiyo barua yake hupita kwa Mkurugenzi Mtendaji. Chini ya anwani ya mpokeaji huandikwa herufi K.K., yaani kupitia kwa, na kufuatiwa na cheo cha mkurugenzi. Kikundi cha wananchi au taasisi ya dini hakina mwajiri wa kumpitia, lakini ni desturi nzuri mtendaji wa kata apate nakala, kwa kuwa yeye ndiye atakayeulizwa kwanza, "Hiyo shughuli unaijua?" Mtendaji anayesikia habari za ugeni wa Mkuu wa Wilaya katani kwake kutoka kwa mtu mwingine hatakuwa na jibu la kusaidia.

Katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya barua hupokelewa masjala, hugongwa mhuri wa tarehe na kuwekwa kwenye jalada. Jalada huenda kwa Katibu Tawala wa Wilaya. Yeye huisoma na kuandika maoni yake kwa kiongozi kwa sentensi mbili tatu: mradi ni halisi, tarehe iko wazi, anashauri akubali; au siku hiyo kuna kikao cha mkoa, anashauri atume mwakilishi. Mkuu wa Wilaya akikubali, katibu wake muhtasi huingiza shughuli katika kitabu cha ratiba, na mtu mwingine hupewa kazi ya kuandaa hotuba. Kwa hiyo barua moja husomwa na watu wanne au watano kabla na baada ya anayeandikiwa, na kila mmoja hutafuta kitu chake. Wa masjala hutafuta kichwa cha habari ajue jalada lipi. Katibu tawala hutafuta uhakika. Katibu muhtasi hutafuta siku, saa na mahali. Mwandishi wa hotuba hutafuta takwimu. Dereva hutafuta njia. Barua nzuri ni ile ambayo kila mmoja wa hao huipata haja yake bila kupiga simu.

Safari hiyo ya jalada huchukua siku, na ndiyo sababu ya barua kutangulia. Kwa Mkuu wa Wilaya, mwezi mmoja kabla ya shughuli ni muda wa heshima. Wiki tatu bado zinatosha. Chini ya wiki mbili, mwandishi awe na sababu ya kuieleza. Kwa waziri muda huongezeka, kwa kuwa ratiba yake hupangwa mbali zaidi na barua hupita wizarani. Zaidi ya hapo, kuna miezi ambayo ombi lolote ni gumu. Bunge la bajeti hukaa Dodoma kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, na katika kipindi hicho mawaziri na wabunge hawana uhuru wa siku za kazi. Wiki ya kwanza ya Agosti, viongozi wengi wa mikoa na wilaya wako kwenye viwanja vya maonyesho ya Nane Nane. Siku ambayo Mwenge wa Uhuru unaingia wilayani, Mkuu wa Wilaya hana shughuli nyingine yoyote. Shule ya mfano huu imechagua Jumamosi, tarehe 20 Julai 2024, na barua yake imeandikwa tarehe 19 Juni.

Barua hiyo, ikiwa imeachiwa nafasi za majina, ingesomeka hivi:

Kumb. Na. ............
19 Juni 2024

Mkuu wa Wilaya,
Ofisi ya Mkuu wa Wilaya,
S.L.P. ............

K.K. Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya,
S.L.P. ............

YAH: OMBI LA KUWA MGENI RASMI KATIKA UFUNGUZI WA MAKTABA YA SHULE, JUMAMOSI TAREHE 20 JULAI 2024

Tafadhali rejea somo tajwa hapo juu.

2. Shule ya Sekondari ............ iliyopo Kata ya ............ imekamilisha ujenzi wa maktaba yenye nafasi za wanafunzi 60 kwa wakati mmoja. Ujenzi umegharimu Sh. 48,500,000. Kati ya fedha hizo, Halmashauri ilitoa Sh. 25,000,000, wazazi walichanga Sh. 11,000,000 na wadau wengine walitoa Sh. 12,500,000.

3. Kwa heshima, uongozi wa shule unakuomba uwe mgeni rasmi katika ufunguzi wa maktaba hiyo, siku ya Jumamosi tarehe 20 Julai 2024, kuanzia saa 3:45 asubuhi hadi saa 6:00 mchana, katika viwanja vya shule.

4. Katika shughuli hiyo unaombwa kukata utepe na kufunua jiwe la ufunguzi, kukagua maktaba, kupokea risala ya wanafunzi, kuwahutubia wananchi na kuongoza harambee ya vitabu yenye lengo la kupata Sh. 6,000,000. Wanatarajiwa kuhudhuria watu wapatao 700, wakiwemo wanafunzi, wazazi na viongozi wa kata.

5. Shule iko kilomita 38 kutoka makao makuu ya wilaya. Kilomita 12 za mwisho ni barabara ya vumbi inayopitika. Pamoja na barua hii zimeambatishwa rasimu ya ratiba, taarifa fupi ya mradi na vidokezo vya hotuba. Mratibu wa shughuli ni Makamu Mkuu wa Shule, simu namba ............. Tutashukuru kupata jibu kabla ya tarehe 5 Julai 2024.

6. Nakutakia kazi njema.

(Sahihi, jina na muhuri)
MKUU WA SHULE

Nakala: Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Diwani wa Kata, Mtendaji wa Kata.

Barua yote inaingia ukurasa mmoja, na urefu huo ni wa makusudi. Mambo ya pembeni yako kwenye viambatisho. Aya zina namba kuanzia ya pili, kama ilivyo kawaida katika barua nyingi za serikali, ili anayeandika maoni aweze kusema "rejea aya ya 4" bila kunakili sentensi nzima. Kichwa cha habari kinabeba jambo, mahali pake na tarehe. Mtu akisoma mstari huo peke yake keshajua anaombwa nini na lini.

Barua imeelekezwa kwa cheo, jina halikutajwa. Wakuu wa wilaya huteuliwa na kuhamishwa, na mkeka wa uteuzi unaweza kutoka usiku wa kuamkia siku ya shughuli. Barua iliyoandikwa kwa jina la mtu huondoka naye, lakini iliyoandikwa kwa cheo hubaki na ofisi, na mkuu mpya ataikuta jaladani. Jina huhitajika kwenye ratiba, kwenye jiwe na kwa mshereheshaji, na huko huandikwa kamili pamoja na sifa zake: Mheshimiwa kwa sababu ya cheo, kisha Dokta, Kanali au Mhandisi iwapo anazo. Njia salama ni kumuuliza katibu muhtasi jinsi kiongozi anavyoandika jina lake mwenyewe. Neno Mheshimiwa ni la wenye vyeo vya kisiasa na mahakimu na majaji. Katibu tawala na mkurugenzi ni watumishi, na kwao Ndugu linatosha kabisa kwenye maandishi.

Aya ya pili ya barua ndiyo inayosomwa kwa jicho kali kuliko zote. Kiongozi anapofungua mradi huutia mkono wake hadharani. Viongozi wa mbio za Mwenge wa Uhuru wamewahi kukataa kuzindua miradi mbele ya umati baada ya kukuta majengo yana kasoro au nyaraka za matumizi hazieleweki. Mkuu wa Wilaya ana sababu hiyohiyo ya kujihadhari. Katibu tawala akijumlisha fedha za aya hiyo, ziwe zinafika: milioni 25, na 11, na 12 na nusu, jumla milioni 48 na nusu. Hesabu ikikosea hata kwa laki moja, swali litakalofuata halitahusu sherehe tena. Takwimu hizohizo ndizo zinazopaswa kusomwa kwenye taarifa ya mradi na kwenye risala siku yenyewe. Hutokea barua ikataja gharama moja, taarifa nyingine na wanafunzi ya tatu, kwa kuwa kila karatasi iliandikwa na mtu wake, na mgeni rasmi hulisikia hilo akiwa meza kuu mbele ya wazazi waliochanga.

Neno linalotajwa kwenye kichwa nalo lazima lilingane na hali ya mradi. Kuweka jiwe la msingi ni kwa jengo linaloanza au linaloendelea. Kufungua ni kwa jengo lililokamilika na lililo tayari kutumika. Kuzindua hutumika zaidi kwa mpango, kampeni, kitabu au huduma inayoanza, ingawa watu wengi hulitumia hata kwa majengo. Maktaba isiyo na rafu wala milango haijafikia kufunguliwa, hata kama kamati ina haraka. Kumwita kiongozi aje kufungua kuta nne tupu ni kumuweka katika nafasi ya kusema uwongo, na wazazi wataliona hilo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Saa ni sehemu ndogo ya barua inayoharibu shughuli nyingi. Barua ya Kiswahili huandika saa za Kiswahili, na hutaja kipindi cha siku: saa 3:45 asubuhi, saa 6:00 mchana. Hatari huja barua inapohamishiwa kwenye simu, ambayo mara nyingi huhesabu kwa mtindo wa Kiingereza. Katibu akiandika 3:45 kwenye simu bila kubadili, kengele italia saa tisa na robo tatu, iwe alfajiri au alasiri. Neno "asubuhi" ndilo linalomkinga, kwa hiyo lisiachwe hata pale linapoonekana halina kazi. Barua ikiandikwa kwa Kiingereza, kwa mfano kwa balozi au shirika la nje, saa hiyohiyo huwa 9:45, na mwandishi husoma mara mbili kuhakikisha nakala ya Kiswahili na ya Kiingereza zinazungumzia jua lilelile.

Zaidi ya hapo, saa zinazohusika ni mbili. Kuna saa ya wananchi kuketi na kuna saa ya mgeni rasmi kuwasili. Barua ya kiongozi hutaja ya pili tu. Akiandikiwa saa 2:30, muda ambao wanafunzi ndio kwanza wanapanga viti, atafika na kukuta uwanja mtupu, kisha atasubiri watu ambao kwa itifaki wao ndio walipaswa kumsubiri. Kinyume chake pia ni kosa: kuwaketisha watoto juani tangu saa 1:00 kwa ajili ya mgeni wa saa 5:00. Tofauti ya saa moja hivi kati ya watu kuketi na mgeni kufika inatosha. Saa ya kumaliza nayo iandikwe, kwa kuwa kiongozi anaweza kuwa na shughuli ya pili siku hiyo, na katibu hawezi kupanga ya pili kama hajui ya kwanza inaisha lini. Shughuli ikiwa Ijumaa, imalizike mapema kabla ya saa 6:30 mchana ili waumini wawahi swala. Jumapili asubuhi huachiwa ibada.

Ratiba inayoambatana na barua huitwa rasimu, kwa kuwa ofisi ya mgeni inaweza kuibadilisha. Ya shule hii ingekuwa hivi:

2:30 – 3:30 Wanafunzi, wazazi na wageni waalikwa kuwasili na kuketi
3:45 Mgeni rasmi kuwasili, kupokelewa na kusaini kitabu cha wageni
3:55 Kukata utepe, kufunua jiwe na kukagua maktaba
4:20 Wimbo wa Taifa, dua na sala
4:25 Utambulisho
4:35 Taarifa ya mradi
4:45 Ngoma ya wanafunzi
4:50 Risala ya wanafunzi
5:00 Harambee ya vitabu
5:20 Mwenyekiti wa Bodi kumkaribisha mgeni rasmi
5:25 Hotuba ya mgeni rasmi
5:45 Neno la shukrani
5:50 Picha ya pamoja
6:00 Mgeni rasmi kuondoka au kupata chakula

Kila kipengele kina dakika zake, na karatasi inayobaki na mshereheshaji huongeza safu ya mhusika. Ratiba isiyo na dakika hugeuka orodha ya matumaini. Kinachokula muda zaidi ni utambulisho. Dakika kumi zinatosha kuwasimamisha watu ishirini kwa haraka, lakini kila aliyepewa kipaza sauti akianza upya kuwataja wote waliopo, nusu saa hupotea. Ndiyo kazi ya kauli "itifaki imezingatiwa": mshereheshaji akishataja vyeo mara moja kwa mpangilio, wanaofuata huisema kauli hiyo na kuingia kwenye jambo lao. Ili afanye hivyo anahitaji orodha ya viongozi iliyopangwa kwa ngazi, na orodha hiyo hupelekwa kwa ofisi ya mgeni siku mbili tatu kabla, ili ithibitishe nani anatajwa kabla ya nani.

Mfuatano wa wasemaji hupanda, haushuki. Wadogo husema kwanza, na kila mmoja humkaribisha aliye juu yake. Mkuu wa shule hutoa taarifa, wanafunzi husoma risala, mwenyekiti wa bodi, akiwa ndiye mwenyeji, humkaribisha mgeni rasmi. Mgeni rasmi akishahutubia, hakuna hotuba nyingine. Neno la shukrani baada yake ni dakika tano za kushukuru tu, na anayelitoa huonywa mapema asianze kueleza matatizo ya shule ambayo mgeni hana tena nafasi ya kuyajibu. Kwa sababu hiyohiyo harambee imewekwa kabla ya hotuba: kiongozi akiwa jukwaani anaweza kutangaza kilichopatikana na kukitolea neno.

Ufunguzi wenyewe umetangulia hotuba katika ratiba hii, na mpangilio huo una faida ya wazi. Mgeni anapozungumza keshaingia maktaba, keshaona rafu na madirisha, na maneno yake huwa ya mtu aliyeona. Mpangilio wa pili, wa hotuba kwanza na utepe mwisho, hutumika pale jengo lilipo mbali na uwanja au pale waandaaji wanapotaka umati wote uandamane naye. Ubaya wake ni kwamba jua huwa limepanda, watu wameanza kutawanyika, na ukaguzi hufanywa mbiombio.

Sasa yale yanayotarajiwa kwa mgeni. Aya ya 4 ya barua inayataja yote bila kificho, likiwemo lile ambalo waandaaji wengi huona haya kuliandika: harambee. Kiongozi aliyeitwa kufungua jengo, kisha akakuta kapu la michango likizungushwa kuanzia meza kuu, ametegwa. Hana fedha mfukoni, hajui ni kiasi gani kinatarajiwa, na watu 700 wanamtazama. Barua inayotaja harambee na lengo lake inampa nafasi ya kujiandaa, kuwaarifu wadau waje naye, au kusema mapema kwamba kwa siku hiyo ataongoza harambee lakini hatachangia. Majibu yote matatu ni bora kuliko mshangao. Kinachotajwa ni lengo la jumla. Kiwango cha mchango wa mgeni mwenyewe hakiandikwi kamwe.

Maombi yatakayokuwamo kwenye risala nayo yajulikane. Risala ni sauti ya wanafunzi, na kwa desturi humalizika kwa haja zao: umeme, mwalimu wa sayansi, bweni, maji. Nakala yake ikipelekwa ofisini wiki moja kabla, ofisi itauliza idara husika na mgeni atakuja na jibu. Akiisikia kwa mara ya kwanza uwanjani, jibu la haki analoweza kutoa ni "nimelichukua", na jibu hilo wazazi wamelisikia mara nyingi. Maombi yawe machache, mawili au matatu, na yawe yale ambayo wilaya ina uwezo nayo. Kumwomba Mkuu wa Wilaya barabara ya lami ya kilomita 38 ni kumpa mzigo asioweza kuubeba, ilhali kuomba kivuko kilichobomoka katika zile kilomita 12 za vumbi kitengenezwe ni jambo analoweza kulifuatilia.

Vidokezo vya hotuba ni ukurasa mmoja mwingine. Ndani yake huwa na historia ya mradi kwa aya moja, takwimu za shule, majina ya waliotoa mchango mkubwa wanaostahili kutajwa, na mambo mawili au matatu ambayo shule ingependa yasisitizwe, kama vile utoro au wazazi kuchangia chakula cha mchana. Hotuba kamili si lazima iandikwe na shule. Ofisi huiandaa yenyewe na kuongeza ujumbe wa serikali wa wakati huo. Ofisi nyingine huomba rasimu nzima, na hapo mwandishi aandike hotuba ambayo Mkuu wa Wilaya anaweza kuisema. Akimsifu mkuu wa shule kwa kurasa mbili, rasimu hiyo itaachwa mezani.

Suala la zawadi huwekwa wazi kwa mdomo na katibu, nje ya barua. Viongozi wa umma wanabanwa na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 kuhusu zawadi, na vitu vya alama, kama kazi ya mikono ya wanafunzi, havimtii mtu mashakani. Posho haiahidiwi katika barua ya mwaliko.

Baada ya barua kufika, ukimya wa wiki ya kwanza ni wa kawaida. Baada ya siku saba hadi kumi mratibu huenda masjala, au hupiga simu, akiwa na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Nakala hiyo ndiyo ushahidi, kwani bila hiyo mazungumzo huanza na "barua gani?" Jibu la mdomo hupokelewa kwa shukrani, kisha huombwa kwa maandishi. Wiki ya mwisho mratibu huthibitisha mara ya pili, huuliza mgeni atafuatana na watu wangapi ili viti na chakula vitoshe, na humkaribisha ofisa wa wilaya aje atazame eneo. Mkuu wa Wilaya ni mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, kwa hiyo polisi watakuwa na habari zake, lakini taarifa ya mkusanyiko kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya bado ni wajibu wa wenye shughuli.

Jibu linaweza kuwa kwamba atawakilishwa. Si aibu wala dharau. Anayekuja kwa niaba yake, mara nyingi Katibu Tawala, amebeba mamlaka ya ofisi ileile na hupewa heshima zilezile: kiti cha mgeni rasmi, utepe, hotuba. Mshereheshaji hubadilisha maneno tu, akimtaja kwanza aliyemtuma, kisha aliyetumwa. Kinachohitaji uangalifu ni jiwe. Fundi huchonga majina siku kadhaa kabla, na jiwe likishachongwa halifutiki. Kwa hiyo shule humlipa fundi aandae ubao wa marumaru na maneno ya juu, "Maktaba hii imefunguliwa na", na kumwambia asubiri sehemu ya jina hadi uthibitisho wa mwisho upatikane, siku tatu hivi kabla. Ikiwa anakuja mwakilishi, ofisi ya Mkuu wa Wilaya ndiyo inayosema jina la nani liandikwe na kwa maneno gani, na fundi hupelekewa maneno hayo yakiwa yameandikwa kwenye karatasi, herufi kwa herufi, pamoja na tarehe.